Mzigo umeshikwa forodha, au umekukosa nyumbani? Kusoma aplikesheni ya Kichina ukiwa Mtwara

Mwezi wa tano mjomba wangu wa Nanyamba aliagiza kabureta ya mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Alinunua kwa muuzaji wa China, akalipa kwa simu, kisha akaelekezwa kwenye aplikesheni ya kufuatilia mzigo ambayo yote imeandikwa Kichina. Baada ya siku chache akanipigia. "Mpwa wangu, nimeweka kwenye kitafsiri, kinasema mzigo umekamatwa. Ndiyo nimeshaibiwa?"

Nina steshenari ndogo hapa Mtwara mjini na simu za namna hiyo naletewa kila mara. Nilichojifunza ni kwamba watu hupotezwa na mistari miwili tu: ule unaosema forodha wameushika mzigo, na ule unaosema mzigo umeshindwa kufikishwa. Yote miwili inatisha, lakini kila mmoja una maana zaidi ya moja. Maana moja inakutaka ukae utulie, nyingine inakutaka uinuke siku hiyo hiyo. Nitaeleza jinsi ya kuzitenganisha kwa kufuata mzigo wa mjomba tangu mwanzo hadi mwisho.

Anza na namba yenyewe

Kabla ya kusoma neno lolote, nakili namba ya mzigo uiweke pembeni. Mizigo inayopita mikononi mwa mashirika ya posta hutumia mtindo mmoja dunia nzima, uliowekwa na Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili tena. Inaonekana hivi:

```
RR123456785CN
```

Jumla ni vibambo 13. Herufi ya kwanza inaonyesha aina ya huduma: R ni rejista, C ni kifurushi, E ni EMS, yaani huduma ya haraka ya posta. Herufi mbili za mwisho ni nchi ulikotoka mzigo, kwa hiyo CN itabaki CN hata mzigo ukiwa umeshafika Ligula, hapa Mtwara mjini. Wapo wanaoiona CN wakadhani mzigo bado uko China. Namba haihami, kinachohama ni mistari iliyo chini yake.

Faida ya namba ya mtindo huu ni kwamba unaweza kuiandika kwingine, kwenye ukurasa wa ufuatiliaji wa Posta ya hapa kwetu au kwenye tovuti inayokusanya taarifa za wasafirishaji wengi kama 17TRACK, ambako utachagua lugha unayoiweza. Fanya hivyo hasa mzigo ukishavuka mpaka, kwa sababu aplikesheni ya upande wa mtumaji mara nyingine huacha kupokea habari hapo. Kama namba yako haina umbo hilo, ni ya kampuni binafsi. Hapo itafute kwenye aplikesheni ya kampuni hiyo, na mwulize muuzaji kama mzigo utapewa namba ya pili ukifika Tanzania.

Usikiamini kitafsiri peke yake

Kitafsiri cha simu kinasaidia, lakini kwenye mistari hii mifupi kinateleza. Neno moja la Kichina lenye maana ya kubakizwa kwa ukaguzi kinaweza kulitoa kama "kukamatwa", na mtu akaona polisi na pingu. Dawa yake ni kuzijua kwa macho alama chache tu. Huhitaji kuzitamka. Zitazame kama unavyotazama alama za barabarani.

海关 ni forodha. Alama ya kwanza ni bahari, ya pili ni lango. Sisi wa pwani hatuna sababu ya kuisahau hiyo.

出口 ni kutoka nchini, na 进口 ni kuingia nchini. Alama ya pili kwenye maneno yote mawili ni kile kisanduku kitupu, ambacho maana yake ni mdomo. Kwa hiyo angalia ya kwanza tu: 出 ni kutoka, 进 ni kuingia.

放行 ni kuachiwa upite. 留存待验 ni kubakizwa ukisubiri ukaguzi.

妥投 ni kwamba mzigo umemfikia mpokeaji. Ikitanguliwa na 未 inakuwa 未妥投, na hapo maana inageuka: haujamfikia. Alama hiyo moja, 未, ndiyo "haija-" yetu. Nimeshaona mtu akisherehekea kwamba mzigo umepokelewa kumbe hakuiona hiyo alama ya mbele.

Sasa tazama mistari ya mjomba, kama nilivyoinakili kutoka kwenye simu yake:

```
05-16 22:05  广州  出口海关/留存待验
05-18 11:40  广州  出口海关/放行
05-27 16:30  坦桑尼亚  进口海关/留存待验
06-03 15:10  坦桑尼亚  进口海关/放行
06-10 21:40  坦桑尼亚  未妥投
```

广州 ni mji wa Guangzhou. Zile alama nne, 坦桑尼亚, ni Tanzania. Kwenye kila mstari soma vitu vitatu kwa mpangilio huu: mahali, upande wa lango, kisha kilichotokea. Ukianza na kilichotokea utaogopa kabla hujajua ni wapi.

Forodha ya kutoka: hapo huna kazi

Mstari wa kwanza ndio uliomfanya mjomba anipigie. Lakini mahali ni Guangzhou na alama ni 出, kwa hiyo ni forodha ya China inayokagua mzigo unaotoka kwao. Sababu huwa ni za upande wa mtumaji: karatasi haikukamilika, ndani kuna betri, kuna kimiminika, au mashine ya mionzi imeona kitu wanachotaka kukitazama vizuri. Mnunuzi wa Nanyamba hana cha kufanya hapo. Hakuna ushuru wa Tanzania unaodaiwa Guangzhou, na yeyote atakayekutumia ujumbe akidai ulipie kodi ya Tanzania wakati mzigo uko kwenye mstari huo, anakudanganya.

Mjomba nilimwambia asubiri. Siku mbili baadaye ikatokea 放行. Ingekaa zaidi ya wiki moja ningemwandikia muuzaji, maana yeye ndiye mwenye mkataba na msafirishaji wa kule.

Forodha ya kuingia: tofautisha kuonyeshwa na kushikwa

Mzigo wa posta wa kwetu haushukii Mtwara. Unafika kwanza Dar es Salaam, unapita forodha ya TRA huko, ndipo unaanza safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 500 kuja kusini. Kwa hiyo aplikesheni ikisema umefika Tanzania, usiende kuuliza dirishani Mtwara. Utamchosha karani na utajichosha wewe.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wafungue tovuti ya pili kwa Kiingereza, kwa sababu mashirika ya posta yana maneno yao ya kawaida na yanatofautisha mambo ambayo aplikesheni ya muuzaji huyachanganya. Ukiona "Item presented to import Customs", mzigo umepelekwa mbele ya forodha, kama kila mzigo mwingine. Huo si ushikaji, ni foleni. Ukiona "Held by import Customs", sasa wameubakiza, kuna kitu kinasubiriwa. Ukiona "Item returned from import Customs", forodha wamemaliza na wamemrudishia msafirishaji. Neno "returned" hapo limewatoa watu machozi wakidhani mzigo umerudishwa China, kumbe ni habari njema. Tovuti nyingine huweka msimbo wa herufi tatu badala ya sentensi. Kwa mpangilio huo huo misimbo ni EDB, EME na EDC.

Mzigo wa mjomba ulikuwa umeshikwa kweli. Mimi huhesabu siku tatu za kazi, nikiruka Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na ya nne napiga simu. Tulipopiga, swali la upande wa pili lilikuwa fupi: ndani kuna nini na kimenunuliwa kwa shilingi ngapi? Muuzaji alikuwa ameandika kwenye karatasi 配件 tu, yaani vipuri. Vipuri vya nini, vingapi, haikusemwa. Afisa hawezi kukadiria kodi ya kitu asichokijua.

Hii ndiyo sababu ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote. Inayofuata ni bei iliyopunguzwa. Wapo wauzaji wanaojitolea kuandika bei ndogo "ili kukusaidia", na wapo wanunuzi wanaowaomba. Usiombe. Forodha wakiitilia shaka bei, wataomba uthibitisho wa malipo, na ujumbe wako wa malipo utaonyesha kiasi tofauti na karatasi. Hapo umejitengenezea kosa la kweli kutoka kwenye jambo ambalo lilikuwa la kuchelewa tu.

Andaa vitu hivi kabla hujaombwa: picha ya skrini ya oda ikionyesha jina la bidhaa, idadi na bei, ujumbe wa malipo, ankara ya muuzaji, na kitambulisho chako, pamoja na TIN kama unayo. Ankara mwombe muuzaji kwa lugha yake, utajibiwa upesi zaidi. Nakili hivi kama ilivyo:

```
请发给我商业发票，写明商品名称、数量和价格。
```

Maana yake: tafadhali nitumie ankara ya biashara, ikitaja jina la bidhaa, idadi na bei. Tulipoipata, niliongeza kwa mkono wangu maelezo ya Kiswahili: "Kabureta moja ya mashine ya kupulizia dawa mikorosho, kwa matumizi ya shamba." Nikaambatanisha na picha ya mashine yenyewe. Picha ile ilifanya kazi kubwa kuliko karatasi.

Kuhusu malipo, kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, kodi haipigwi kwenye bei ya bidhaa peke yake. Nauli ya kuleta mzigo inaingizwa kwenye thamani, kisha ushuru wa forodha unapigwa kulingana na aina ya bidhaa, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani hiyo ikiwa imeshaongezwa ushuru, isipokuwa bidhaa iwe na msamaha. Ndiyo maana bidhaa nyepesi iliyosafirishwa kwa ndege kwa nauli kubwa inatozwa kodi kubwa kuliko mtu alivyotarajia. Pili, kodi ya serikali hulipwa kwa kontroo namba, si kwa kutuma pesa kwenye namba ya simu ya mtu. Kampuni binafsi inaweza kukulipia kisha ikakudai, na hapo una haki ya kuomba nakala ya makadirio ya kodi kabla hujatoa pesa. Ujumbe wenye kiungo cha kubonyeza unaosema "lipa leo mzigo utaharibiwa" uache, kisha piga simu kwenye ofisi kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo ile iliyo kwenye ujumbe.

Kuna ushikaji ambao karatasi ya muuzaji haiufungui. Dawa za binadamu na vifaa tiba vinaihusu TMDA, na vifaa vya mawasiliano vinavyotumia redio vinaihusu TCRA. Ukiambiwa mzigo unasubiri taasisi nyingine, uliza taasisi gani na kibali gani, andika jibu, maana TRA wenyewe hawawezi kukitoa hicho kibali.

未妥投: nani alikutafuta, wapi, saa ngapi

Tarehe kumi mwezi wa sita ukaja mstari wa mwisho, saa 21:40. Mjomba akakasirika. "Saa nne kasoro usiku nani anapeleka mizigo Nanyamba? Wanaandika uongo." Nikamwomba asitukane mtu kwanza, tuitazame saa.

Saa za China zimetangulia zetu kwa saa tano. Baadhi ya aplikesheni huandika kila tukio kwa saa za China hata likitokea hapa, nyingine huandika saa za mahali pa tukio. Namna ya kujua yako iko upande gani ni rahisi: tafuta kwenye aplikesheni saa ya kulipia oda, kisha ulinganishe na ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu yako. Ujumbe wa mjomba ulisema 10:12, aplikesheni ilisema 15:12. Basi hiyo inaandika saa za China. Mstari wa 21:40 ulikuwa 16:40 ya kwetu, yaani saa kumi na dakika arobaini jioni, muda wa kawaida wa kazi. Mtu aliyejaribu alijaribu kweli.

Sasa swali: alijaribu vipi, na simu ya mjomba haikulia? Hapa lazima ujue kwamba "jaribio la kufikisha" si lazima mtu awe amefika mlangoni. Kwa maeneo yetu mara nyingi ni simu iliyopigwa isipatikane. Kwa mwenye anwani ya S.L.P. huenda asitafutwe nyumbani kabisa. Mzigo unasubiri ofisini, na kwa Kiingereza utaona maneno kama "available for pickup" au kwa Kichina 待领取, yaani unasubiri kuchukuliwa. Hilo halikutaki ungoje, linakutaka uende.

Nikafungua maelezo ya oda, sehemu ya mpokeaji. Aplikesheni ilikuwa imeweka +255 yenyewe, na mjomba akaandika namba yake akianza na sifuri kama tulivyozoea. Ikawa +2550 na kuendelea, namba isiyokuwepo duniani. Baada ya +255 zinatakiwa tarakimu tisa tu. Zihesabu kwa kidole. Na kwenye anwani aliandika "Nanyamba, Mtwara" basi. Hakuna kata, hakuna kijiji, hakuna alama ya karibu.

Hatua niliyochukua ni kupiga simu ofisi ya msafirishaji ya hapa Mtwara mjini, siyo China. Ukipiga, sema kwa mpangilio: namba ya mzigo, jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kifurushi, tarehe ya jaribio, kisha namba sahihi ya simu. Halafu uliza maswali mawili na uandike majibu: mzigo uko ofisi gani sasa hivi, na mwisho wa kuuhifadhi ni tarehe ngapi? Hili la pili watu hulisahau, nalo ndilo lenye moto, kwa sababu mzigo usiochukuliwa hurudishwa kwa mtumaji.

Tuliambiwa upo kwenye rafu, mjomba aje na kitambulisho. Jina kwenye kifurushi lilikuwa jina lake la utani lililo kwenye akaunti yake ya ununuzi, na kitambulisho cha NIDA kina jina tofauti. Karani alikuwa na haki ya kukataa. Kilichotuokoa ni oda iliyo kwenye simu pamoja na ujumbe wa malipo wenye jina lake kamili. Ukiagiza, andika jina la kwenye kitambulisho. Ukimtuma mtu akuchukulie, mwandikie barua fupi ya idhini na umpe nakala ya kitambulisho chako, na mpigie karani kwanza kujua kama anaikubali.

Kabla ya kusaini tulitazama boksi: pembe zote, gundi, na ile karatasi ya forodha iliyobandikwa. Likiwa limechanika, lipige picha mbele ya karani likiwa bado juu ya kaunta, na uombe kasoro iandikwe. Ukishasaini, aplikesheni itaandika 妥投 bila ile alama ya mbele, na kwa muuzaji hiyo ina maana umepokea salama.

Alama ya kukimbilia

Ukiona 退回, mzigo unarudishwa, au kwa Kiingereza "Return to sender". Tazama tena mahali. Ikiwa bado ni 坦桑尼亚, piga simu saa hiyo hiyo kwa ofisi iliyoandika mstari huo, uombe usimamishwe kama haujaondoka Mtwara au Dar es Salaam. Wakati mwingine inawezekana, ukiwa na jina na simu sahihi mkononi. Ikiwa mahali pameshakuwa mji wa China, acha kupiga huku. Mwandikie muuzaji, mpe picha ya mistari yote kuanzia mwanzo hadi 退回, na umwulize akurudishie fedha au atume tena, na nauli ya mara ya pili ni ya nani. Fanya hivyo kabla muda wa kudai kwenye oda haujaisha. Muda huo umeandikwa kwenye ukurasa wa oda, na haukusubiri wakati unatafuta mtu wa kukutafsiria.